Viini 14 au Viini 6: Kompyuta Moja, Kazi Mbili

Kwenye maduka ya kompyuta za mtumba, Kariakoo kwa mfano, utakuta mashine mbili zimewekwa jirani. Ya kwanza ni HP Z440, boksi zito jeusi lililoanzia maisha kwenye ofisi ya wahandisi, na ndani yake mna prosesa ya Xeon E5-2680 v4 yenye viini 14, au kori kama wanavyosema madukani. Ya pili ni kompyuta ya mezani ya kawaida yenye Core i5-12400, ambayo ina viini 6. Tuseme bei ni moja. Muuzaji hatasita: "Bosi wangu, hii kori kumi na nne, ile sita. Hapo unauliza nini tena?"

Kuna la kuuliza, tena zito. Xeon hiyo ilitoka mwaka 2016 na spidi yake ya juu kabisa ni gigahezi 3.3, ambayo huifikia pale tu viini vichache vinapofanya kazi. Ile i5 ilitoka mwanzoni mwa 2022 na hupanda hadi gigahezi 4.4. Tofauti halisi ni kubwa kuliko namba hizo zinavyoonyesha, kwa sababu kiini kipya hufanya kazi nyingi zaidi ndani ya kila mzunguko wa saa yake. Ukipima kiini kimoja kwa kimoja, cha i5 kinakaribia kuwa na kasi maradufu ya kile cha Xeon. Kwa hiyo chaguo lako ni kati ya wafanyakazi 14 wa polepole na 6 wepesi, na jibu linategemea kama kazi unayowapa inagawanyika.

Kazi nyingine zinagawanyika na nyingine hazigawanyiki. Kwenye shughuli ya harusi, watu 14 watamenya viazi upesi kuliko watu 6, lakini wali ulioko jikoni hautaiva mapema kwa sababu watu wameongezeka. Mhandisi Gene Amdahl alilieleza jambo hili kwa upande wa kompyuta mwaka 1967, na hesabu yake haihitaji zaidi ya kujumlisha na kugawanya.

Chukua kazi ambayo kiini kimoja cha Xeon kingeimaliza kwa dakika 100. Tuseme nusu yake lazima ifanywe hatua kwa hatua, kila hatua ikisubiri iliyotangulia, na nusu nyingine inaweza kugawiwa viini vyote. Xeon itatumia dakika 50 kwenye sehemu isiyogawanyika, kisha dakika kama 3 na nusu kwenye ile ya kugawana: jumla 53 na ushee. Sasa ipe i5, ambayo tumesema kiini chake kina kasi mara mbili. Sehemu ya kwanza itaisha kwa dakika 25, na ya pili, iliyogawiwa viini 6, kwa dakika 4 na kidogo. Jumla 29. Viini 14 vimeachwa mbali na viini 6, ingawa sehemu ya kugawana vyenyewe ndivyo vilivyoimaliza kwanza.

Badilisha kazi. Safari hii sehemu isiyogawanyika ni dakika 1 tu kati ya 100. Xeon itamaliza kwa dakika 8 hivi, i5 kwa dakika 8 na robo tatu. Sasa viini vingi vimeshinda, lakini kwa kiasi kidogo sana, na hata ushindi huo unahitaji kazi inayogawanyika karibu yote. Kwenye vipimo halisi vinavyotumia viini vyote kwa pamoja, prosesa hizi mbili hukaribiana sana. Ndiyo maana namba ya viini peke yake, bila kujua ni viini vya mwaka gani, haikuambii chochote.

Gemu iko upande wa kazi isiyogawanyika vizuri. Ili kuchora picha moja kwenye skrini, gemu lazima kwanza isome umebonyeza nini, isogeze mhusika wako, ikague amegongana na nini, iamue adui atajibu vipi, halafu iandae amri za kuchora na kuzipeleka kwenye kadi ya picha. Huwezi kukagua mgongano kabla hujajua mhusika amesogea wapi. Mnyororo huo hukaa kwa sehemu kubwa kwenye kiini kimoja, na viini vingine hupewa kazi za pembeni kama sauti, kupakia ramani na sehemu ya fizikia. Gemu za siku hizi zinazotumia DirectX 12 au Vulkan zinaweza kugawa uandaaji wa amri za kuchora kwa viini kadhaa, jambo ambalo DirectX 11 ililiweza kwa shida, lakini mnyororo mkuu haujakatika.

Na mnyororo huo una muda maalumu. Skrini ya hezi 60 inataka picha mpya kila baada ya milisekunde 16.7. Skrini ya hezi 144 inataka kila baada ya milisekunde 6.9. Tuseme kwenye gemu fulani mnyororo unachukua milisekunde 5 kwenye kiini cha i5 na 10 kwenye kiini cha Xeon. Mwenye skrini ya hezi 60 hataona tofauti yoyote, maana zote mbili zinawahi. Mwenye skrini ya hezi 144 ataiona mara moja: i5 inawahi, Xeon inakomea picha 100 kwa sekunde. Sasa ingia katikati ya mji wenye magari na watu wengi, ambako mnyororo umerefuka hadi milisekunde 9 kwenye i5 na 18 kwenye Xeon. Hapo hata yule mwenye skrini ya hezi 60 ataanza kuona picha inakwama, kwa sababu 18 imepita 16.7. Hivi ndivyo prosesa ya viini vya polepole inavyojionyesha: wastani wa picha kwa sekunde unaweza kupendeza, halafu pale penye vurugu, unapohitaji mkono mwepesi, gemu inashtuka.

Wengi hapa hudanganywa na kompyuta yenyewe. Wanafungua Task Manager gemu ikiwa inakwama, wanaona prosesa inatumika asilimia 9, wanahitimisha kwamba prosesa imekaa bure na kosa ni la kadi ya picha. Lakini Xeon hiyo yenye viini 14 inaonekana na Windows kama prosesa 28, kwa kuwa kila kiini hushughulikia nyuzi mbili za kazi. Uzi mmoja uliojaa kabisa ni asilimia 3.6 tu ya jumla. Mnyororo mkuu wa gemu ukijaza mmoja na kazi za pembeni zikajaza nusunusu ya mingine mitatu, jumla inasoma asilimia 9, na gemu tayari imefika ukomo wake.

Njia nzuri ya kujua ni hii. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance, kisha CPU, bonyeza kulia juu ya grafu, chagua Change graph to halafu Logical processors. Utaona vigrafu 28, na huenda kimoja au viwili vimepanda kuliko vingine. Usikitegemee sana, kwa sababu Windows huhamisha uzi kutoka kiini kimoja kwenda kingine mara nyingi ndani ya sekunde, na mlima mmoja unageuka vilima vingi vidogo. Kipimo kisichobishaniwa ni kushusha ubora wa picha: toa gemu kwenye 1920 kwa 1080, iweke 1280 kwa 720, simama palepale ulipokuwa, utazame idadi ya picha kwa sekunde. Ikipanda sana, kadi ya picha ndiyo iliyokuwa imelemewa. Ikibaki ilivyokuwa, prosesa ndiyo kikwazo, na kununua kadi kubwa zaidi kutakuwa kutupa pesa.

Kuna kitu kingine ambacho gemu inakipenda kuliko gigahezi, nacho ni kumbukumbu ndogo iliyojengwa ndani ya prosesa yenyewe. Mwaka 2022 AMD walitoa Ryzen 7 5800X3D, ndugu wa 5800X. Zote zina viini 8. Mpya ilikuwa na spidi ndogo zaidi, gigahezi 4.5 dhidi ya 4.7, lakini kumbukumbu yake ya ndani ilitoka MB 32 hadi MB 96. Kwenye gemu nyingi ile ya spidi ndogo ilimshinda nduguye, kwa sababu gemu hurukaruka kutafuta taarifa huku na kule, na kila mara prosesa inapokosa kitu ndani yake na kukifuata kwenye RAM, inapoteza muda ikiwa imekaa. Kwa hiyo ninaposema kiini chepesi, simaanishi gigahezi peke yake.

Kuediti video ndiko watu wanakoamini kwamba viini vingi vimeshinda bila mjadala. Mimi siamini hivyo, kwa sababu kuediti si kazi moja. Kuna saa ambazo umekaa kwenye kiti, unasogeza mshale, unakata, unarudi nyuma, unasikiliza. Na kuna saa ambazo umeondoka, kompyuta inatoa faili la mwisho. Mashine inayofaa saa za kwanza siyo lazima ifae za pili.

Chukua mpigavideo wa harusi. Alikuwa na kamera mbili za Sony zilizorekodi 4K kwa H.265, biti 10, rangi za mpango wa 4:2:2, na simu moja kwenye kona ya ukumbi. Video yake ina picha 25 kwa sekunde, maana yake kompyuta ina milisekunde 40 kuandaa kila picha, mara tatu kwa sababu pembe ni tatu. Ugumu uko kwenye namna H.265 inavyobana. Haihifadhi kila picha nzima. Huhifadhi picha moja kamili, halafu zinazofuata huandikwa kama tofauti tu na majirani zake, hadi ifike picha nyingine kamili. Bwana huyu akibofya katikati ya video pale bibi harusi anapoingia, kompyuta hairuki moja kwa moja hapo. Inarudi kwenye picha kamili iliyo nyuma, inaanza kuzifungua zinazofuata moja baada ya nyingine hadi ifike aliyoiomba. Ni mnyororo tena, kama kwenye gemu. Viini 14 vinaweza kusaidiana kwa kiasi fulani, lakini yeye atahisi mshale mzito, picha inaganda nusu sekunde kila anapobofya, na anabofya maelfu ya mara kwa siku.

Hapa i5-12400 ina kitu ambacho Xeon haina kabisa. Ndani yake mna kichakato cha picha, na pembeni mwake saketi maalumu iitwayo Quick Sync ambayo kazi yake ni kufungua na kubana video. Tangu kizazi cha 11 cha prosesa za Core, saketi hiyo inafungua hata H.265 ya biti 10 yenye 4:2:2. Xeon za jamii ya E5 hazina kichakato cha picha, hivyo hazina Quick Sync. Usitegemee kwamba kadi ya Nvidia itaziba pengo hilo: kadi za kabla ya RTX 50 hazifungui 4:2:2 kwa saketi zao, ingawa video ya kawaida ya simu zinaifungua vizuri. Kwa video za huyu bwana, basi, mashine ya viini 6 inateleza na ya viini 14 inakwama, na sababu yake haihusiani na idadi ya viini hata kidogo.

Ukinunua i5, soma jina hadi herufi ya mwisho. Core i5-12400F inafanana na i5-12400 kwa kila kitu isipokuwa hiyo F, inayomaanisha kichakato cha picha kimezimwa. Mcheza gemu mwenye kadi yake hana hasara. Mwenye kuediti amepoteza kilekile alichokifuata.

Aliyekwisha kununua Xeon asiiuze kesho. Dawa ipo, nayo ni proksi: nakala ndogo za video zako, zilizobadilishwa kuwa muundo ambao kila picha inasimama peke yake, kama DNxHR LB au ProRes Proxy. Premiere Pro na DaVinci Resolve zote zinaweza kuzitengeneza, kisha unakata kwa kutumia nakala hizo, na wakati wa kutoa faili la mwisho programu inarudi kwenye video halisi. Jambo la kupendeza ni kwamba proksi hubadilisha aina ya kazi yenyewe. Mnyororo umekatika, kila picha ni kipande huru, na viini 14 sasa vina cha kugawana. Unaweka proksi zitengenezwe usiku, asubuhi unakata bila kukwama. Gharama yake ni nafasi ya diski: proksi za DNxHR LB za 1080 kwa picha 25 kwa sekunde hula karibu GB 16 kwa kila saa ya video. Harusi ya kamera tatu, saa 4 kila moja, ni zaidi ya GB 190. Diski ndogo ya SSD itajaa kabla ya keki kukatwa.

Kisha kuna kutoa faili. Ukichagua kubana kwa programu, yaani bila saketi maalumu, viini vyote hufanya kazi na Xeon hujitetea vizuri. Hata hapo, kubana H.264 ya 1080 hufaidi sana viini 6 hadi 8 vya kwanza, halafu kila kinacholetwa baadaye huongeza kidogo kuliko kilichotangulia. Ukichagua kubana kwa Quick Sync au saketi ya kadi ya Nvidia, kazi ya kubana inaondoka kwenye viini. Kinachobaki juu yao ni madoido, marekebisho ya rangi ambayo kadi ya picha haikuyachukua, na maandishi. Kwa video za harusi zinazokwenda YouTube na kwenye flashi za wazazi, ubora wa saketi maalumu unatosha, na ninaona wengi wanaoulizia viini vya kutolea faili wanalipia kazi ambayo viini havitaifanya.

Kazi zenye kugawanyika kwelikweli zipo. Kuchora picha za 3D kwa Blender kupitia Cycles ni mojawapo: picha inakatwa vipande, kila kiini kinachukua chake, hakuna anayemsubiri mwenzake. After Effects ilikuwa kinyume kwa miaka mingi, ikichora fremu moja baada ya nyingine, hadi toleo la Oktoba 2021 lilipoanza kuchora fremu kadhaa kwa pamoja. Lakini kila fremu inayochorwa wakati mmoja inataka RAM yake, kwa hiyo viini vingi bila RAM ya kutosha havisaidii. Hapo ndipo HP Z440 inapopata heshima yake: ina nafasi 8 za RAM na inakubali RAM za seva.

Kama unanunua mpya badala ya mtumba, mgogoro huu bado upo lakini umelainika. Ryzen 7 7800X3D yenye viini 8 inaishinda Ryzen 9 7950X yenye viini 16 kwenye gemu nyingi, wakati ile ya 16 inaiacha mbali kwenye Cycles. Hizi ni za kizazi kimoja, hivyo hapo wingi wa viini ni wingi wa kweli. Intel nao, tangu kizazi cha 12, wanachanganya viini vikubwa vyepesi na vidogo vya pembeni kwenye prosesa moja. Core i5-13600K ina 6 vikubwa na 8 vidogo. Kwa mtu anayecheza jioni na kuediti mchana, mchanganyiko huo ndio ninaoupendekeza kwanza, mradi kama pochi inaruhusu.

Pochi isiporuhusu, na ukabaki na zile mashine mbili za mwanzo, ningemwambia mcheza gemu achukue i5 bila kujadili. Mpigavideo anayekata kutoka kamera za 4:2:2 naye achukue i5, isiyo na F. Xeon ningempa anayechora 3D bila kadi nzuri, au anayehitaji RAM nyingi sana, au mwenye skrini ya hezi 60 ambaye anapata mashine hiyo kwa bei ya chini kabisa na amekubali kuishi na proksi.

Kabla hajalipa, aangalie jina la prosesa kwenye Task Manager yeye mwenyewe. E5-2680 yenye v3 au v4 mwishoni ina amri za AVX2, ambazo baadhi ya gemu na programu hukataa kufunguka bila hizo. Ile ya v2, au isiyo na v kabisa, haina. Ajue pia kwamba hata v4 haimo kwenye orodha ya prosesa zinazoungwa mkono rasmi na Windows 11, na Microsoft walisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Pawa sapulai ya Z440 ina umbo na plagi za HP wenyewe, hivyo ikiungua haibadilishwi na ya dukani yoyote. Na mwenye kuediti aende na flashi yenye kipande cha video yake mwenyewe kutoka kamera yake mwenyewe, si video ya majaribio ya muuzaji. Akiweke kwenye programu anayoitumia, aburute mshale mbele na nyuma kwa dakika chache, na amwombe muuzaji anyamaze kidogo.